Namba nane chini ya kopo: kuandika kwa Kiswahili taarifa ya kiwanda ya kurudisha bidhaa

Taarifa ambayo kiwanda hutoa kinapotaka bidhaa zake zirudishwe huandikwa kwa ajili ya watu wengi kwa wakati mmoja. Ndani yake kuna sentensi ya mwanasheria, sentensi ya mkurugenzi anayelinda jina la kampuni, na sentensi inayotakiwa na mamlaka ya udhibiti. Kisha mahali fulani, mara nyingi katika aya ya tano au ya sita, kuna sentensi ya mtu aliyeshika kopo mkononi na anayetaka kujua kama alifungue au asilifungue. Kazi yangu hapa Lubumbashi, kwa miaka kadhaa sasa, imekuwa kupokea taarifa za namna hiyo zikiwa kwa Kiingereza na kuziandika upya kwa Kiswahili, ili zisomwe redioni na kubandikwa madukani. Nitaeleza moja tu kati ya hizo, ile ya samaki wa kopo, kwa kuwa karibu kila ugumu wa kazi hii ulijitokeza ndani yake.

Bidhaa nyingi za dukani katika mji huu hutoka kusini: hupakiwa Afrika Kusini, hupita Zambia kwa barabara, na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kiwanda kikitoa taarifa, huiandikia kwanza nchi yake. Afrika Kusini ina Sheria ya Kulinda Wateja, Namba 68 ya mwaka 2008, ambayo kifungu chake cha 60 kinahusu kurudishwa kwa bidhaa, na Tume ya Taifa ya Wateja ya huko ndiyo inayosimamia jambo hilo. Huku kwetu bidhaa zinazoingia hukaguliwa na OCC, ofisi ya serikali ya udhibiti, na barua zote za ofisini huandikwa kwa Kifaransa. Lakini kwenye meza za masoko ya mitaa ya mji huu, soko la Kenya, la Katuba au la Ruashi, mahali ambapo kopo lenyewe hununuliwa, watu huelewana kwa Kiswahili. Tangazo la Kifaransa lililobandikwa ukutani mwa depo humfikia mwenye depo, na mara nyingi huishia hapo.

Taarifa niliyopewa ilikuwa na kurasa mbili, nayo ilihusu samaki wenye mchuzi wa nyanya katika makopo ya gramu 400. Kiwanda kilikuwa kimegundua kwamba kichwa kimoja cha mashine ya kufunga vifuniko kililegea kwa siku chache, na kwamba makopo machache yalitoka na mshono usiokaza. Mwagizaji wa hapa mjini alitaka toleo la Kiswahili kabla ya jioni. Nilimwomba kwanza kitu kingine: jina la mtu wa kiwandani ambaye ningeweza kumwuliza maswali na ambaye angekuwa na ruhusa ya kuyajibu. Bila mtu huyo mwandishi hubaki na njia mbili mbaya, yaani kunakili sentensi asiyoielewa au kuongeza maneno ambayo hakuna aliyemruhusu kuyasema. Nilipewa afisa wa ubora, na sehemu kubwa ya yale yaliyofuata ilitokana na majibu yake.

Swali langu la kwanza lilihusu mshono. Nilihitaji kuelewa hasa kinachotokea, kwa kuwa maneno ya Kiingereza yalisema tu kwamba kasoro hiyo ingeweza kusababisha uchafuzi wa pili wa vijidudu, na msikilizaji akiambiwa hivyo kwa Kiswahili atauliza uchafuzi wa kwanza uko wapi. Maelezo yake ni rahisi. Samaki huwekwa koponi pamoja na mchuzi, kifuniko hufungwa kwa kukunjwa pamoja na ukingo wa kopo, kisha kopo zima hupikwa katika mtungi wa mvuke wenye shinikizo, kwa joto la kiasi cha nyuzi 120 hivi. Joto hilo huua vijidudu vilivyokuwamo. Baadaye makopo hupozwa kwa maji, na yanapopoa hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta kwa ndani. Mshono ukiwa na mwanya mwembamba kama unywele, tone la maji linaweza kuvutwa likaingia, na ndani ya tone hilo kijidudu kikaingia baada ya upishi kwisha. Kwa hiyo «ya pili» maana yake ni «baada ya kupikwa». Nilipoelewa hivyo, niliweza kuandika sentensi ambayo mtu yeyote angeifuata: mshono wa baadhi ya makopo haukukaza vizuri, na kwa hiyo inawezekana kwamba vijidudu vimeingia ndani baada ya samaki kupikwa kiwandani.

Hapo ndipo ulipo ugumu mkubwa zaidi wa kazi hii, nao ni kulinda kiwango cha uhakika. Taarifa ya Kiingereza haikusema kwamba samaki wameharibika. Ilisema kwamba makopo machache yana kasoro, kwamba kasoro hiyo inaweza kupitisha vijidudu, na kwamba vijidudu hivyo vinaweza kumfanya mlaji augue. Ni hatua tatu, na kila moja ya zile mbili za mwisho ina «inaweza» yake. Mtu akiandika haraka, hatua hizo hudondoka njiani, na kinachobaki ni «samaki wenye vijidudu wanaowafanya watu waugue». Akiandika kwa kuogopa kutisha, hudondosha upande wa pili, na kinachobaki ni «kasoro ndogo ya kifuniko», ambayo haimpi mtu sababu yoyote ya kukirudisha chakula alichokwisha kukilipia. Nilizihesabu hatua hizo kwa penseli katika Kiingereza, nikazihesabu tena katika Kiswahili changu, na sikumpelekea mtu yeyote maandishi hayo kabla hesabu hizo mbili hazijalingana.

Neno lenyewe la kuonyesha uwezekano nalo lilihitaji kuchaguliwa. Katika Kiswahili cha vitabu tungeandika «huenda», na ni neno zuri, lakini katika maongezi ya Lubumbashi halitumiki sana, na sikio la msikilizaji linaweza kulichukua kama kitenzi cha kwenda. «Pengine» linaeleweka na kila mtu, ila katika tangazo rasmi linasikika kama kubahatisha. Nilibaki na «inawezekana kwamba», ambalo ni refu zaidi lakini halipotei redioni hata mawimbi yakikwaruza.

Sentensi nyingine iliyonichukua muda ni ile inayosema kwamba hadi siku ya taarifa hakukuwa na ripoti za watu kuugua. Kishawishi ni kuandika «hakuna mtu aliyeugua», kwa kuwa ni fupi na inatuliza. Lakini hayo ni madai tofauti kabisa. Kampuni inaweza kuwa na hakika ya kile ilichopokea. Haiwezi kuwa na hakika ya tumbo la kila mtu kuanzia Cape Town hadi Likasi. Niliandika: «Hadi tarehe ya tangazo hili, kampuni haijapokea taarifa yoyote ya mtu aliyeugua kwa kula samaki hawa.» Sentensi hiyo inatuliza kwa kiasi kilekile ambacho ukweli unaruhusu, na kesho mtu mmoja akijitokeza na kusema ameugua, tangazo halitageuka uongo.

Ninaamini kwamba utulivu wa tangazo hutoka katika usahihi wa namna hii, na ndiyo maana sikuandika «msiogope» mahali popote. Neno hilo likitamkwa redioni, anayesikiliza huanza kutafuta cha kuogopa. Mfano mzuri wa utulivu wa takwimu ulitolewa Julai 2021, kampuni ya Tiger Brands ya Afrika Kusini ilipoomba makopo ya mboga yapatayo milioni 20 yarudishwe kwa sababu ya kasoro katika mshono wa ubavuni. Ilieleza kwamba kati ya makopo 287,040 yaliyopimwa, 18 yalionekana kuvuja. Msomaji akipewa namba hizo mbili pamoja, anaona mwenyewe ukubwa wa jambo. Akipewa «milioni 20» peke yake hushtuka, na akipewa «18» peke yake hupuuza. Taarifa yangu ya samaki haikuwa na hesabu ya namna hiyo. Nilimwuliza afisa wa ubora, akasema vipimo vilikuwa havijakamilika, na kwa hiyo nikabaki na «makopo machache» bila kuongeza namba yoyote.

Yako maneno niliyoyaacha kwa makusudi. La kwanza ni «sumu». Kwa Kiingereza mtu anaweza kusema chakula kimemdhuru bila kumlaumu yeyote, lakini huku kwetu neno sumu huleta swali la nani aliyeiweka, na kutoka hapo mazungumzo huhama kiwandani yakaenda kwa jirani au kwa mgeni mwenye duka. La pili ni «marufuku», kwa kuwa hakuna serikali iliyopiga samaki hao marufuku. Ni kampuni iliyoomba makopo yake. Mwezi Machi 2018, mlipuko wa listeria ulipohusishwa na soseji na poloni za Afrika Kusini, nchi kadhaa jirani, Zambia ikiwamo, zilifunga kweli mlango kwa nyama hizo. Wafanyabiashara wa barabara ya Kasumbalesa wanakumbuka kipindi hicho, na wakisikia «marufuku» wataelewa kwamba mzigo wao wote utazuiwa mpakani, jambo ambalo taarifa hii haikulisema.

Neno «hiari» nalo lilinitaka uangalifu. Taarifa ya Kiingereza ilisisitiza kwamba kampuni inarudisha bidhaa kwa hiari, na kisheria hilo lina uzito, kwa sababu linaonyesha kwamba haikungoja kulazimishwa. Lakini ukiandika «kurudisha kwa hiari» bila kutaja hiari ni ya nani, mnunuzi ataelewa kwamba anayetaka arudishe na asiyetaka ale. Niliigawa sentensi mara mbili: kampuni imeamua yenyewe, kabla ya kulazimishwa na mamlaka yoyote, kuyaondoa makopo haya sokoni; na kila mwenye kopo lenye namba zilizotajwa anaombwa asile samaki waliomo.

Jina la bidhaa lilionekana jepesi, kumbe ndilo lenye hatari zaidi. Katika mji huu samaki yeyote wa kopo ni sardini. Ukisema redioni «sardini zirudishwe», utakuwa umeondoa mezani pia yale makopo bapa ya sardini za mafuta yanayotoka nchi nyingine kabisa, na mama anayeyauza atakosa mauzo ya wiki bila kosa lolote. Kwa hiyo sikutumia jina peke yake, nilieleza umbo: kopo refu la duara, gramu 400, samaki wenye mchuzi wa nyanya, na rangi ya karatasi ya nje. Kisha niliongeza sentensi moja ambayo Kiingereza hakikuwa nayo, kwa idhini ya afisa wa ubora: «Makopo bapa ya sardini za mafuta hayahusiki na tangazo hili.»

Namba zilifuata. Chini ya kila kopo pamepigwa kwa wino tarakimu nne: ya kwanza ni ya mwaka, na tatu zinazofuata ni siku ya mwaka huo. Namba 4105 ni siku ya 105 ya mwaka 2024, yaani tarehe 14 Aprili, na 4112 ni tarehe 21 Aprili. Taarifa ya Kiingereza ilisema namba kutoka 4105 hadi 4112, zote mbili zikiwemo. Niliiandika hivyohivyo kwa Kiswahili, kisha nikaenda na karatasi soko la Kenya, kwa mama mmoja ninayemfahamu mwenye meza ya vyakula vya dukani. Nilimpa karatasi na nikamwomba achukue kopo lolote mezani kwake aniambie kama linahusika. Alilipindua kopo, akafuta vumbi la chini kwa ncha ya kitenge, akaliinamisha kwenye mwanga kwa kuwa wino ulikuwa umefifia, akasoma polepole: nne, moja, sifuri, nane. Akaitazama karatasi tena.

«Papa, hii haimo. Wameandika 4105 na 4112. Hii ni 4108.»

Alikuwa anasoma vizuri kabisa. Neno «hadi» katikati ya namba mbili linadai kwamba msomaji azione namba kama mstari ulionyooka, wakati yeye, kama wengi wetu tunaposhika kitu mkononi na kutafuta kinachofanana nacho, alikuwa akilinganisha alama na alama. Nilirudi na kuziandika zote nane moja baada ya nyingine, bila nukta wala nafasi kati ya tarakimu, jinsi zilivyo chini ya kopo. Kwa ajili ya redio tuliongeza jambo moja: mtangazaji alizisoma tarakimu mojamoja kwa Kiswahili, kisha akazirudia kwa Kifaransa, kwa sababu watu wengi wa Lubumbashi huhesabu pesa na kutaja namba za simu kwa Kifaransa hata wanapozungumza Kiswahili.

Mama yuleyule aliniuliza swali ambalo nadhani kila tangazo la namna hii linapaswa kuwa na jibu lake. «Kama si mbaya, mbona wanaziita zirudi? Na kama ni mbaya, mbona wanasema inawezekana?» Nilimjibu kwa mdomo kwamba hakuna anayeweza kulijua kopo bovu kwa kulitazama kwa nje, na kwamba kwa sababu hiyo wanayaita yote ya siku hizo ili wayapate yale machache. Aliridhika, na mimi nikaona kwamba jibu hilo halikuwamo katika karatasi. Niliandika sentensi yake, nikamtumia afisa wa ubora, naye akairekebisha kidogo: kopo lililovuja wakati mwingine huvimba au kutoa mchuzi kwenye mshono, lakini si kila mara, na kopo linaloonekana zima bado linaweza kuwa na kasoro. Ndivyo ilivyochapishwa.

Swali la upishi nalo lilitoka sokoni. Taarifa ya Kiingereza ilisema tu kwamba samaki wasiliwe, kwa kuwa imeandikwa na watu ambao kwao samaki wa kopo hutolewa na kupakwa kwenye mkate. Huku kwetu hukaangwa na vitunguu, nyanya huongezwa, na sufuria huchemka hadi bukari, yaani ugali wetu, iive. Mtu yeyote mwenye akili atajiuliza kama moto huo hautoshi. Mimi sikuwa na mamlaka ya kujibu, kwa hiyo nilimwuliza afisa wa ubora waziwazi kama kupika kunaondoa hatari. Alijibu kwamba kampuni haitaki samaki hao wapikwe wala waliwe, kwa kuwa baadhi ya vijidudu, kama vile stafilokoko, huacha ndani ya chakula kitu cha kudhuru ambacho maji yanayochemka hayakiharibu, hata kama kijidudu chenyewe kimekufa. Katika tangazo niliweka maneno manne tu, «hata baada ya kupikwa», na sikutaja jina la kijidudu chochote, kwa sababu taarifa haikutaja na vipimo havikuwa vimekipata. Jina la ugonjwa likiingia katika tangazo, watu hulisikia kama jambo lililotokea.

Kisha likaja suala la pesa, na hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno ingemdhuru mtu. Kiingereza kilisema bidhaa irudishwe mahali iliponunuliwa na mnunuzi alipwe fedha zote, risiti isihitajike. Katika duka kubwa la Johannesburg sentensi hiyo inatekelezeka. Soko la Kenya, mahali pa kununulia ni meza ya mama mwenye mtaji wa katoni mbili au tatu, na kama watu kumi wakimfuata asubuhi moja wakidai faranga zao, mtaji utakwisha kabla ya saa sita. Nilimwandikia mwagizaji nikamwuliza nani atamlipa mama huyo. Jibu halikuja siku ileile, nami nilikataa kuitoa sentensi ya pesa bila jibu hilo, kwani kuahidi redioni malipo ambayo hayajapangwa ni kuwagombanisha wateja na wauzaji. Hatimaye mwagizaji alikubali kwamba depo yake itapokea makopo kutoka kwa wauzaji wadogo na kuwalipa bei waliyonunulia, na kwamba mnunuzi anayetaka anaweza kuleta kopo moja kwa moja depo. Sentensi hiyo iliandikwa chini ya jina la mwagizaji, mbali na maneno ya kiwanda, ili kila mmoja ajibu kwa ahadi yake.

Mpaka wa ahadi hiyo nao ulipaswa kusemwa. Baadhi ya makopo sokoni huletwa na wafanyabiashara wadogo wanaonunua Zambia wenyewe, na mwagizaji hakuwa tayari kuyalipia. Alikubali kuyapokea ili yaharibiwe, lakini bila malipo. Mtangazaji wa zamu alidhani ni afadhali tunyamaze juu ya hilo, maana litawaudhi watu. Sikuona hivyo. Mtu aliyebeba makopo yake kutoka Katuba hadi depo kwa gharama ya usafiri anastahili kujua kabla hajaondoka nyumbani kama atalipwa au hatalipwa. Tuliandika kwamba makopo yenye alama ya mwagizaji yatalipiwa, na kwamba makopo yasiyo na alama hiyo, yakiwa na namba zilezile, nayo yasiliwe, na yatapokelewa bila malipo.

Mambo mengine yalikuwa mepesi. Namba ya simu ya bure ya Afrika Kusini haipigiki kutoka Kongo, kwa hiyo iliondolewa na ya mwagizaji ikawekwa. Agizo la Kiingereza la kutupa bidhaa kama mtu hawezi kuirudisha lilifutwa kwa makubaliano, kwa sababu kopo zima likitupwa jalalani huku kwetu halikai hapo, litaokotwa na kuliwa au kuuzwa. Maneno ya mkurugenzi ya kuomba radhi yalibaki, ila yalihamishwa kutoka aya ya pili hadi mwisho.

Mwanzo wa tangazo, baada ya hayo yote, ulisomeka hivi:

«Tangazo hili linahusu samaki wa kopo wenye mchuzi wa nyanya, kopo refu la duara la gramu 400, lenye mojawapo ya namba hizi chini yake: 4105, 4106, 4107, 4108, 4109, 4110, 4111, 4112. Ukiwa na kopo lenye mojawapo ya namba hizi, usilifungue, usile samaki waliomo hata baada ya kupikwa, na usilitupe. Lirudishe ulikolinunua au lipeleke depo, huhitaji risiti. Kopo lenye namba nyingine halihusiki. Kiwanda kimegundua kwamba mshono wa kifuniko haukukaza vizuri katika makopo machache ya siku hizo, na kwa hiyo inawezekana kwamba vijidudu vimeingia ndani na kwamba mtu akila samaki hao anaweza kuugua.»

Kabla ya kulitoa tangazo, nilimpa mwenzangu ambaye hakuwa ameiona taarifa ya Kiingereza, nikamwomba anieleze kwa Kifaransa alichoelewa: nani anasema, kopo lipi, nini kimethibitishwa na nini hakijathibitishwa. Kipimo hicho ni kizuri kuliko kumwomba mtu asome tafsiri na asili bega kwa bega, kwa sababu anayejua asili huyajazia mapengo ya tafsiri bila kujitambua. Mwenzangu alikwama mahali pamoja tu: alidhani kiwanda chenyewe kiko Lubumbashi. Tuliongeza jina la nchi katika sentensi ya sababu.

Siku iliyofuata ujumbe wa sauti ulianza kuzunguka katika vikundi vya WhatsApp, ukisema kwamba samaki wote wa kopo kutoka kusini wametiwa sumu. Wenzangu wa redio walitaka tuandike makanusho. Nilipendekeza tusiurudie uvumi huo hewani, bali tulisome tangazo lilelile, kwa maneno yaleyale, katika kila taarifa ya habari ya siku hiyo, pamoja na ile sentensi kwamba kopo lenye namba nyingine halihusiki. Mtu aliyesikia maneno yaleyale asubuhi na jioni anaweza kuyarudia kwa jirani bila kuyabadilisha, lakini akisikia matoleo mawili yanayotofautiana kidogo ataanza kujadili lipi ni la kweli. Picha ya karatasi yetu nayo ilisambazwa, na katika baadhi ya simu ilifika ikiwa imekatwa chini, pale palipokuwa na maelezo ya pesa. Namba zilikuwa juu, kwa hiyo zilibaki.

Baadaye kiwanda kilitoa taarifa ya pili, kikiongeza namba 4113 na 4114. Sikuandika tangazo jipya. Nilichukua lile la kwanza, nikaongeza namba hizo mbili mwishoni mwa orodha, na juu kabisa nikaweka tarehe na sentensi moja: «Tangazo hili linachukua nafasi ya lile la kwanza, namba mbili zimeongezwa, 4113 na 4114, na maelekezo mengine yote hayajabadilika.» Mwagizaji alituma mtu apite madukani akiondoa karatasi za zamani kabla ya kubandika mpya, na mama wa soko la Kenya alinipigia simu kuuliza kama lile kopo lake la 4115 sasa anaweza kuliuza. Nilimsomea orodha yote tena, namba moja baada ya nyingine, naye akasema kwamba haimo, basi ataliuza.